Serikali ikivunja dari la deni, nani anaadhibiwa? Na hela zetu za bondi je?

"Salamu kutoka Arua. Mimi ni mweka hazina wa sako yetu ndogo. Nimesikia redioni kwamba deni la Uganda limepita asilimia 50 na sheria hairuhusu, na nakisi nayo imezidi 3. Sasa mbona hakuna aliyeshtakiwa, na mikopo inaendelea tu? Tuna bondi ya serikali ya miaka 10, milioni 80, bado miaka 8. Wanachama wanataka tuuze haraka kabla serikali haijafilisika. Pia wanachama wetu mafundi walipeleka madawati wilayani, wanadai milioni 23 tangu mwaka jana. Hivi hii sheria inatusaidia nini?"

Ndugu mweka hazina, salamu zimefika. Swali lako lina mambo mawili ambayo watu huyachanganya, la kwanza sheria inasema nini likivunjwa dari, la pili hela zenu ziko salama kiasi gani. Majibu yake hayafanani, na ukiniuliza mimi, ile milioni 23 inanitia wasiwasi kuliko milioni 80. Nitafika huko.

Tuanze na hilo dari lenyewe maana watu wengi wanadhani namba 50 na 3 zimeandikwa ndani ya sheria. Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 inataja kanuni tu, kwamba deni liwe la kuhimilika, bajeti iwe na uwiano na kadhalika, halafu inamwagiza Waziri wa Fedha atengeneze Hati ya Uwajibikaji wa Kifedha na Bunge liipitishe. Namba zimo kwenye hiyo hati, na hati yenyewe ni ya miaka mitano mitano. Ya kwanza ilikuwa ya 2016/17 hadi 2020/21, ya pili 2021/22 hadi 2025/26. Hii ya pili ndo inayosemwa redioni: deni lote lishuke chini ya asilimia 50 ya pato la taifa na nakisi, yaani pengo la matumizi ya serikali kuzidi mapato yake, ukishahesabu misaada, isizidi asilimia 3, yote hayo yafikiwe ifikapo 2025/26. Yaani haikusema kila mwaka lazima uwe chini ya 3. Ilisema ushuke polepole mpaka ufike, kwa sababu ilipoanza nakisi ilikuwa imetoka kwenye asilimia 9 hivi ya mwaka wa korona.

Hizo 50 na 3 hazikutoka hewani. Ni zile zile za itifaki ya umoja wa sarafu ya Afrika Mashariki iliyosainiwa Kampala Novemba 2013. Ila hapa pana mtego unaowapoteza hata waandishi wa habari. Ile 50 ya Afrika Mashariki inahesabiwa kwa thamani ya leo ya deni, ambapo mkopo wa riba ndogo sana wa kulipwa kwa miaka karibu 40 unaweza kuhesabiwa kama nusu tu ya kiasi ulichokopa, kwa sababu malipo yake yako mbali na ni mepesi. Hati yetu ya pili inahesabu deni kama lilivyo, shilingi kwa shilingi. Kwa iyo ukisikia mtu mmoja anasema tumevuka na mwingine anasema hatujavuka, inawezekana wote wanasema kweli, kila mmoja ameshika kipimo chake. Kabla hujabishana na mtu muulize kwanza, unahesabu kwa lipi?

Kwa kipimo cha hati yetu, deni lilipofika mwisho wa Juni 2025 lilikuwa trilioni 116 na kitu, kama asilimia 51 ya pato la taifa. Kwa hiyo ni kweli, limepita. Nakisi nayo ilishuka vizuri baada ya korona, ikafika chini kidogo ya 5 mwaka 2023/24, halafu ikageuka ikaanza kupanda tena, na 3 ikabaki mbali.

Sasa kwa nini hizi namba mbili zinakwenda pamoja, hapa naomba uvumilivu maana ukilielewa hili utaweza kusoma bajeti yoyote mwenyewe. Tuchukue namba rahisi. Nchi ina pato la trilioni 200 na deni la trilioni 100, hiyo ni asilimia 50 kamili. Mwaka unaofuata pato linakua kwa asilimia 10, hapo nachanganya ukuaji halisi na mfumuko wa bei, linakuwa trilioni 220. Serikali ikiwa na nakisi ya asilimia 3 ya hilo pato, inakopa trilioni 6.6, deni linakuwa 106.6. Gawa kwa 220 unapata asilimia 48.5. Umeona? Imekopa na bado uzito wa deni umepungua. Lakini nakisi ikiwa asilimia 6 inakopa trilioni 13.2, deni linakuwa 113.2, na hiyo ni asilimia 51.5. Mstari unaogawa hizo hali mbili kwenye huu mfano uko kwenye asilimia 4.5 hivi. Chini yake uzito unashuka, juu yake unapanda, na pato likikua polepole zaidi mstari nao unashuka. Ndo faida ya 3, inakuachia nafasi kidogo mvua zikikataa au bei ya kahawa ikianguka.

Halafu riba. Riba imo ndani ya nakisi. Ukikopa kwa wazungu kwa riba ya chini ya asilimia 2, deni linakuuma kidogo. Ukikopa hapa ndani kwa bondi za asilimia 15 au zaidi, riba ya mwaka huu inakuwa mkopo wa mwaka kesho. Na Uganda siku hizi deni la ndani limepita la nje, kwa hiyo ile asilimia 51 ya leo ni nzito kuliko asilimia 51 ya zamani ingekuwa. Mimi hapa ndo ninapoangalia kwanza, sio kwenye 50.

Turudi kwenye swali la nani anashtakiwa. Hakuna. Hati haina kifungo wala faini kwa kuvuka dari. Sheria ina adhabu kwa maafisa wanaochezea fedha za umma, hiyo ipo, ila nakisi kuwa 6 badala ya 3 sio kosa la jinai la mtu yeyote. Na mikopo inaendelea kwa sababu inaruhusiwa na mlango mwingine kabisa, ibara ya 159 ya Katiba inasema serikali inaweza kukopa mradi imeidhinishwa na sheria ya Bunge, na kila mkopo wa nje unapelekwa bungeni kivyake. Mkopo uliopitishwa na Bunge ni halali hata kama jumla ya mikopo imepita dari. Wengi hawalijui hili, wanadhani dari likivunjwa mikopo inakuwa batili na wakopeshaji hawatalipwa. Sivyo, bondi yenu ni deni halali la serikali hata ikiwa asilimia 51 au 61.

Kinachotakiwa kisheria ni hiki: serikali ikiona haitafikia malengo, waziri anatakiwa aende bungeni kuomba kibali cha kukiuka hati, na hawezi kuomba kwa sababu yoyote tu. Sheria inataja maafa ya asili, mtikisiko mkali wa uchumi ambao haukutarajiwa, au tukio lingine kubwa lisilotabirika ambalo haliwezi kubebwa na Mfuko wa Dharura wala kwa kurekebisha bajeti. Korona inaingia hapo bila ubishi. Uchaguzi hauingii, maana tarehe yake inajulikana miaka 5 kabla. Bajeti ya nyongeza kwa ajili ya mishahara au magari haiingii. Hapa mimi nasema wazi, udhaifu wa mfumo wetu haupo kwenye namba, upo kwenye kwamba anayetakiwa kukataa ni Bunge lile lile linalopitisha bajeti, na Bunge likinyamaza basi kimya hicho ndo mwisho wa safari. Ofisi ya Bajeti ya Bunge inaandika taarifa zinazosema wazi serikali iko nje ya hati, Mkaguzi Mkuu naye anasema, zinasomwa, zinawekwa kabatini.

Kuna na upenyo wa bajeti ya nyongeza. Katiba na sheria zinairuhusu serikali itumie nyongeza mpaka asilimia 3 ya bajeti yote kabla Bunge halijaidhinisha, halafu iipeleke baadaye. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa trilioni 72.4, asilimia 3 yake ni trilioni 2 na zaidi. Nyongeza ikilipiwa kwa kupunguza sehemu nyingine nakisi haibadiliki. Ikilipiwa kwa kukopa, nakisi uliyosomewa Juni sio ile utakayoikuta mwaka ukiisha. Kwa hiyo ukitaka kujua kama dari linavunjwa usisome hotuba ya bajeti peke yake, linganisha na matokeo ya mwaka uliopita, tofauti ya hizo mbili ndo inakwambia ukweli.

Usifikirie ni Uganda tu. Jirani zetu Kenya walikuwa na dari la shilingi trilioni 9, deni lilipolikaribia mwaka 2022 wakalipandisha kuwa 10, mwaka 2023 wakalifuta wakaweka asilimia 55 ya pato kwa thamani ya leo, na nafasi ya kuzidi kwa 5, wakajipa mpaka Novemba 2028 kufika. Dari likikutana na deni, mara nyingi ni dari linalosogea.

Ila naomba tukae kidogo kwenye Ghana maana ndo inayojibu hofu ya wanachama wako. Ghana walikuwa na sheria kali kuliko yetu, ya mwaka 2018, nakisi isizidi asilimia 5, imeandikwa ndani ya sheria yenyewe, na waziri akiivunja anaweza kupigiwa kura ya kulaumiwa bungeni. Mwaka 2020 korona ikaja, wakaisimamisha kama sheria ilivyoruhusu. Tatizo ni kwamba baada ya hapo hawakurudi. Nakisi ikabaki kubwa, riba ikawa inakula karibu nusu ya mapato ya serikali, wawekezaji wa nje wakaacha kununua bondi zao, sarafu yao ya sedi ikaporomoka. Desemba 2022 serikali ikatangaza mpango wa kubadilisha bondi za ndani: wenye bondi wakapewa mpya za muda mrefu zaidi na riba ndogo zaidi. Hela zao hazikufutwa kwa jina, ila mtu aliyetegemea kulipwa mwaka kesho akaambiwa asubiri miaka. Hati fupi za hazina, zile za chini ya mwaka, hazikuguswa.

Angalia mlolongo huo vizuri. Dari liliwekwa kando 2020, maumivu yalifika mwisho wa 2022, na kilichowaangusha ni riba kula mapato na soko kufunga mlango. Asilimia ya deni peke yake haikutosha kuwaangusha. Sisi riba inakaribia theluthi moja ya mapato ya ndani. Ni nyingi, ni nyingi sana na inaniuma kwa sababu hizo ndo dawa za hospitali ya Arua, lakini sio nusu. Na soko letu bado liko wazi, minada ya Benki Kuu ya kuuza bondi bado inapata wanunuzi. Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, walitushusha daraja kutoka B2 kwenda B3 Mei 2024, wakataja gharama ya deni kuwa nzito, hiyo ndo aina ya adhabu ambayo kweli inakuja: hakuna hakimu, ila kila mkopo mpya unakuwa ghali kidogo, benki zinaona afadhali kukopesha serikali kuliko kukopesha fundi wa madawati, na wauzaji wanacheleweshewa malipo.

Sasa bondi yenu. Tuseme ina riba ya 15, milioni 80 inaleta milioni 12 kwa mwaka, ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 10 ambayo ni ya bondi za miaka 10 na kuendelea mnabaki na 10.8, yaani milioni 5.4 kila miezi 6. Mkishika mpaka mwisho na serikali ikaendelea kulipa kama ilivyolipa siku zote, kupanda kwa deni hakupunguzi hata shilingi ya hiyo hela. Shida inakuja mkiuza katikati. Kama soko sasa linadai asilimia 18, hakuna atakayewalipa milioni 80 kwa bondi inayotoa 15, kwa miaka 8 iliyobaki mtapewa kama milioni 70. Hasara ya milioni 10 mmejitengenezea wenyewe, siku hiyo hiyo, kwa kuogopa hasara ambayo haijatokea. Upande wa pili, kama soko sasa liko 14 mtauza kwa faida kidogo. Kwa hiyo kabla ya mkutano wa wanachama, nenda benki mnayotumia uulize bei ya leo ya bondi yenu kwa namba ya toleo, waandikie kwenye karatasi, halafu mjadili mkiwa na namba mkononi.

Ningekuwa mimi singeuza yote. Ningeuliza kwanza, je hii milioni 80 ni sehemu gani ya hela za wanachama? Kama ni robo, kaeni mtulie. Kama ni karibu yote, hapo kweli pana tatizo, lakini tatizo hilo lingekuwepo hata deni lingekuwa asilimia 30, maana mwanachama akitaka akiba yake ya karo Februari huwezi kumpa kipande cha bondi. Hapo punguzeni taratibu, na hela mpya zinazoingia peleka kwenye hati za siku 91 au 364, riba iko chini kidogo lakini zinarudi mapema na kama nilivyosema kwa Ghana ndo zilizonusurika. Sio ahadi kwamba kwetu itakuwa hivyo hivyo. Dalili za kuwafanya mbadilishe mawazo ni hizi: mnada wa Benki Kuu ukose wanunuzi mara kadhaa mfululizo, riba ivuke theluthi ya mapato na kuelekea nusu, au shilingi ianze kuanguka kwa kasi huku akiba ya dola inapungua. Zikija mbili kwa pamoja, itisheni kikao wiki hiyo hiyo.

Halafu hiyo milioni 23. Hii ndo sehemu ya deni ambayo kwa kawaida haionekani kwenye ile asilimia 51. Serikali ikibanwa na dari ina njia mbili za kupunguza nakisi kwenye karatasi, ipunguze matumizi kweli au ichelewe kulipa. Ikichelewa, madawati yameshakaa darasani, watoto wanayakalia, lakini kwa kuwa hela haijatoka nakisi ya mwaka huo inaonekana ndogo. Kwa hiyo mafundi wenu wamegeuzwa wakopeshaji wa serikali bila riba na bila kuulizwa, na wao hawana karatasi nzuri kama yenu ya Benki Kuu. Mimi naona huu ndo uvunjaji mbaya kuliko wote, kwa sababu unamuumiza mtu asiyejua hata kwamba kuna dari.

Wafanye hivi. Wakusanye oda ya ununuzi, hati ya kupokelewa mzigo yenye sahihi na muhuri, na ankara. Waende kwa ofisa masuuli wa wilaya, yule anayesimamia hela zake, kwa barua, nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa ibaki kwao, waulize swali moja tu: je, deni hili limeingizwa kwenye orodha ya malimbikizo yaliyohakikiwa? Maana deni lisiloingia kwenye hiyo orodha halitengewi bajeti, litakaa tu, na mwaka ukiisha ofisa akihamishwa mnaanza upya na mtu asiyewajua. Kama oda haikuwepo, waliambiwa kwa mdomo tu lete madawati, waseme ukweli mapema, hapo kesi ni ngumu na ndo sababu zaidi ya kutafuta msaada.

Na hapa usitegemee maandishi yangu peke yake, muone wakili ana kwa ana, Arua wapo. Madai ya mkataba dhidi ya serikali au serikali ya mtaa yana ukomo wa miaka 3, mafupi kuliko madai ya kawaida kati ya watu, na wengi wanapoteza haki yao wakisubiri ahadi za njoo mwezi ujao. Mwaka mmoja umeshapita. Waende na zile karatasi tatu na barua yenye muhuri, wamuulize siku zinahesabiwa kuanzia lini, mzigo ulipopokelewa au malipo yalipotakiwa, kwa sababu hiyo tarehe ndo itaamua wana muda gani wa kuendelea kuongea na wilaya kwa upole kabla ya kufungua kesi.